Jaribio la Darasani: Je, Lugha Mbili Humchanganya Mtoto?

Stashahada ya Elimu ya Awali, Mwaka wa Pili, Mwanza
Muda: saa 1:30. Alama: 40. Jibu maswali yote. Kunakili notsi za darasani hakuna alama. Nataka uutumie ushahidi uliopewa.

Soma kwanza. (Mtoto na hesabu zake vimetungwa kwa jaribio hili.)

Kabula ana miaka miwili na miezi minne, anaishi Kirumba. Bibi yake humsemesha Kisukuma, mama yake Kiswahili. Akiwa na bibi husema, "Nataka minzi." Shangazi aliyehamia juzi kutoka Tanga, asiyejua Kisukuma, akimuuliza anataka nini, Kabula hujibu, "Maji." Siku moja alimwonyesha shangazi huyo mnyama akasema, "Mbuli ile!" Mbuzi aliwazoea kwa bibi, Magu. Mwalimu wa chekechea akamwambia mama: "Acheni Kisukuma, mtoto anachanganyikiwa."

1. Kama Kabula kweli hazitofautishi lugha hizi, tungetarajia amjibuje shangazi? Linganisha na alivyojibu. (Alama 6)

2. "Mbuli ile!" Wengi mtakimbilia kusema amechanganya ndimi. Ngojeni. Mtoto wa umri huu huweza pia kukosea kutamka z. Je, neno "minzi" linatosha kuondoa shaka hiyo? Ungemsikiliza akitamka maneno gani mengine ya Kiswahili kabla ya kuamua? Na ikithibitika ni Kisukuma, eleza kwa nini kuazima neno si sawa na kuchanganyikiwa. (Alama 12)

3. Kabula ana maneno 110 ya Kiswahili na 60 ya Kisukuma. Vitu 40 anavijua kwa majina ya lugha zote mbili. Neema, jirani wa umri uleule, ana maneno 140, yote ya Kiswahili.
(a) Kabula anavitaja vitu vingapi tofauti? Onyesha njia.
(b) Mwalimu amehesabu Kiswahili peke yake. Amemwonea Kabula kwa kiasi gani? (Alama 8)

4. Mwaka 1923 D. J. Saer aliripoti kwamba huko Wales watoto wa vijijini wenye lugha mbili walipata alama za chini kwenye vipimo vya akili. Mijini tofauti hiyo haikujitokeza. Mwaka 1962, Montreal, Peal na Lambert walilinganisha watoto wa miaka 10 wenye hali za kiuchumi zinazokaribiana, wakakuta wenye lugha mbili wanaongoza. Lakini walichagua wale waliozimudu lugha zote mbili vizuri. Taja kasoro moja katika kila utafiti, ya Saer na ya hawa wawili pia. Msiwahurumie kwa sababu mnapenda matokeo yao. (Alama 8)

5. Andika sentensi nne za kumwambia mama Kabula, uso kwa uso, mlangoni pa darasa. Mama huyu anauza dagaa; ukiandika "umilisi" nakata alama. Usimdhalilishe yule mwalimu. (Alama 6)