KUH: Kifurushi 4471 8820 396 kimezuiwa forodha, maelezo ya bidhaa yaliandikwa vibaya

Kwa kitengo cha forodha,

Assalam alaykum.

Kifurushi changu, nambari ya kufuatilia 4471 8820 396, kilitoka Deira, Dubai tarehe 26 Februari na kikafika Nairobi, JKIA, tarehe 3 Machi. Leo ni tarehe 14. Kwenye ukurasa wenu bado kinasoma `Held by customs - description query`. Nimepiga simu mara tatu na kila mara naambiwa nisubiri, bila kuelezwa kinachotakiwa.

Jana wakala wenu wa hapa Lamu alinionyesha nakala ya waybili, ndipo nikaelewa. Mahali pa maelezo ya bidhaa pameandikwa `outboard motor, 1 pc`. Humo hamna mashine, ni vipuri tu. Waybili hiyo hiyo inasema uzito ni kilo 1.8, na mashine ya boti ya farasi 40 hubebwa na wanaume wawili wakatweta. Ankara ya muuzaji iliyobandikwa juu ya boksi ilieleza kila kitu sawasawa. Kosa liliingia kifurushi kilipopokelewa ofisini kwenu Dubai.

Yaliyomo ni seti 2 za pampu ya maji kwa dirham 185 kila moja, impela 4 za mpira kwa dirham 45 kila moja, na seti 2 za kukarabatia kabureta, pia dirham 45 kila moja. Jumla ni dirham 640, na usafirishaji nililipa dirham 95. Vyote ni vipya, vya mashine ya petroli ya farasi 40. Kwa impela, msimbo wa forodha alioandika muuzaji ni 8413.91, yaani sehemu za pampu.

Naomba mrekebishe maelezo hayo, mpeleke ankara kwa afisa wa forodha, kisha mnitumie hesabu ya ushuru na VAT. Kodi halali nitailipa siku hiyo hiyo kwa M-Pesa. Ada ya ghala kwa siku hizi 11 sitailipa, kwa kuwa kilichokizuia kifurushi si karatasi yangu.

Nawasihi mlishughulikie haraka. Impela ndiyo inayovuta maji ya bahari kupoza mashine. Mbawa zake zikipasuka, mashine huchemka na kukwama katikati ya mkondo. Boti mbili za wateja wangu zimelala mchangani Shela. Moja ni ya nahodha wa Faza, ambaye usiku wagonjwa wakihitaji kuletwa hospitali Lamu, yeye ndiye huamshwa. Nataka aifunge mashine yake kabla kusi haijashika.

Nimeambatisha ankara, risiti ya benki, cheti cha PIN ya KRA, nakala ya kitambulisho na picha ya waybili. Nambari yangu ya simu ni ile iliyo kwenye waybili. Napatikana hata baada ya isha.

Wenu,
Famau Athman
Fundi wa mashine za boti
Langoni, Lamu