Swali la 14: kwa nini wengi mlichagua C

Haya, kaeni, fungueni karatasi. Basi liliondoka Mombasa saa 3:40 usiku, likafika Nairobi saa 12:15 asubuhi. Safari ilichukua muda gani? Kati yenu 43, 31 mmechagua C: saa 9 dakika 15. Si kwamba mlibahatisha. Nimeona hesabu zenu pembeni, na kutoa mnajua.

Tazameni ubaoni. Dakika 15 toa 40 haiwezekani, kwa hivyo mkakopa saa moja. Hapo sawa. Lakini mkaandika 1 mbele ya 15, ikawa 115, kama tunavyofanya na shilingi na senti. 115 toa 40 ni 75. Saa 11 toa 3 ni 8. Saa 8 dakika 75, mkaigeuza kuwa saa 9 dakika 15, na C ilikuwa pale inawangoja.

Saa uliyoikopa ina dakika 60, si 100. 60 na 15 ni 75. 75 toa 40 ni 35. Jibu ni B, saa 8 dakika 35.

Kuhakikisha, hesabu mbele: 3:40 hadi 4:00, dakika 20, hadi 12:00, saa 8, kisha dakika 15.

Sasa fanyeni la 15, bila kufuta kazi ya pembeni.