Taa ya Sola ya Lumeni 300, Paneli ya Wati 5 na Tundu la Kuchaji Simu

Taa ya kuweka mezani au kutundika, inayomulika chumba cha kawaida vizuri kiasi cha mtu kusoma bila kukodoa macho. Paneli iko pembeni na ina waya wa mita 5, kwa hiyo paneli inakaa juu ya paa na taa inabaki ndani, kivulini. Betri iliyopikwa juani siku nzima haidumu.

Muda wa kuwaka, betri ikiwa imejaa na bado mpya:

Mwanga mkali (lumeni 300): saa 5
Mwanga wa kati (lumeni 120): saa 14
Mwanga hafifu (wa usiku): zaidi ya saa 48

Yaani ukiiwasha kwa mwanga mkali saa 12 jioni, itakufikisha saa 5 usiku. Wengi watatumia wa kati, unaotosha kula na kuandika, na asubuhi watakuta chaji bado ipo.

Betri ni ya lithiamu na fosfati ya chuma, volti 3.2, mAh 6,000, sawa na Wh 19.2. Tunaandika Wh kwa sababu mAh peke yake inadanganya: volti zikitofautiana, namba hiyohiyo hubeba umeme tofauti. Hapo hapo ndipo simu inapoingia. Simu ya betri ya mAh 4,000 ikiwa imezima itakaribia kujaa mara moja tu, na taa itabaki tupu. Ukiichaji kutoka asilimia 20 hadi 60, utabakiwa na saa 8 hivi za mwanga wa kati. Laptopu haichaji, usijaribu.

Paneli ni ya wati 5, kipimo cha maabara. Juani hutoa wati 3.5 hadi 4, maana joto na vumbi hula sehemu yake. Jua kali la saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri hujaza betri iliyokwisha. Mawingu mazito yakitanda, kujaa kunaweza kuchukua siku mbili au tatu. Siku hizo tumia mwanga wa kati na simu itafutiwe chaji kwingine. Kuiweka paneli nyuma ya kioo cha dirisha hupunguza chaji, na kivuli cha tawi moja kinatosha kuidhoofisha.

Taa inastahimili matone ya mvua, lakini usiitumbukize majini. Betri huchajiwa na kutumika takriban mara 2,000 kabla uwezo haujashuka hadi asilimia 80, na fundi anaweza kuibadilisha kwa kufungua skrubu nne.

Ndani ya boksi: taa, paneli, waya wa mita 5, waya wa USB-C wa simu, ndoano ya kutundikia. Kichwa cha chaja ya ukutani hakimo. Dhamana ni miaka 2 kwa taa na paneli, mwaka 1 kwa betri.