Zoezi la Vipeo na Logi: Kila Mstari na Sababu Yake

Haya vijana wa tuisheni ya Makorora, hili ndo zoezi la wikiendi. Alama ^ ni kipeo, yaani 2^5 soma mbili kipeo tano, na log ambayo sijaiandikia besi ni ya besi 10 kama kwenye jedwali. Sharti ni moja tu, ukibadilisha mstari andika kwa maneno kwa nini umebadilisha, na usiniandikie "sheria namba 2" ukadhani umemaliza, nataka maneno kama unamweleza mdogo wako aliyekaa pembeni. Jibu sahihi lisilo na sababu linapata nusu maksi, msije kulalamika Jumatatu. Sita za kwanza nimefanya mimi, zilizobaki zenu.

Swali 1. Rahisisha 27^(2/3) × 9^(-1/2)

= (3^3)^(2/3) × (3^2)^(-1/2)
Sababu: 27 ni 3 × 3 × 3 na 9 ni 3 × 3. Tunazileta kwenye besi moja maana besi zikiwa tofauti vipeo havijumlishiki.

= 3^2 × 3^(-1)
Sababu: kipeo juu ya kipeo vinazidishwa, 3 × 2/3 ni 2, na 2 × (-1/2) ni -1.

= 3^1 = 3
Sababu: besi ni ileile na tunazidisha, kwa hiyo vipeo vinajumlishwa. Na wale mnaoogopa kipeo hasi, 3^(-1) ni 1/3 basi, sio -3, hasi ya kipeo inaishusha namba kwenye asili ya sehemu, haiigeuzi kuwa hasi.

Swali 2. Tafuta x: 4^(x+1) = 8^(x-1)

2^(2x+2) = 2^(3x-3)
Sababu: 4 ni 2^2 na 8 ni 2^3, halafu kipeo cha nje kinazidisha kila kilichomo ndani ya mabano, hata ile 1, msiisahau.

2x + 2 = 3x - 3
Sababu: 2 ikipandishwa vipeo viwili tofauti haiwezi kutoa jibu moja, kwa hiyo pande zikilingana na besi zikiwa sawa, vipeo navyo lazima vilingane. Angalia, hatujakata 2 na 2, hakuna kitu kinachoitwa kukata besi, sema hivyo hivyo kwa maneno.

x = 5. Kagua: 4^6 ni 4096, 8^4 ni 4096. Safi.

Swali 3. 9^x - 2 × 3^x - 3 = 0

y^2 - 2y - 3 = 0
Sababu: 9^x ni (3^2)^x, na kwa kuwa kuzidisha hakujali nani katangulia, 2x na x2 ni kitu kimoja, basi ni sawa na (3^x)^2. Tukiita 3^x jina la y tunapata kwadratiki ya kawaida kabisa.

(y - 3)(y + 1) = 0, kwa hiyo y = 3 au y = -1
Sababu: namba mbili zikizidishwa zikatoa sifuri, mojawapo ni sifuri.

3^x = 3, x = 1. Ile -1 tunaitupa, na andika kwa nini umeitupa: 3 hata uipandishe kipeo gani, kikubwa, hasi, sehemu, haitoi namba hasi.

Swali 4. log₂ x + log₂ (x - 2) = 3

Kabla ya lolote, logi inauliza swali, besi ipandishwe kipeo gani ili tupate namba hii. Kwa hiyo log₂ 8 ni 3. Logi yenyewe NI kipeo, ndo maana sheria zake ni zilezile za vipeo, ukikariri upya unajitesa bure.

log₂ [x(x - 2)] = 3
Sababu: tuseme x ni 2^p na (x - 2) ni 2^q, wakizidishwa ni 2^(p+q), maana vipeo vinajumlishwa. Basi kujumlisha logi ni kuzidisha namba zenyewe.

x(x - 2) = 2^3
Sababu: hii ni sentensi ileile imeandikwa kwa upande wa kipeo.

x^2 - 2x - 8 = 0, (x - 4)(x + 2) = 0, x = 4 au x = -2
Sababu: nimefungua mabano nikahamisha 8, halafu ni hoja ileile ya sifuri.

Jibu ni 4 peke yake. Weka -2 kwenye swali la mwanzo uone, unaambiwa utafute log₂ (-2), na 2 haina kipeo cha kukupa namba hasi. Ile -2 iliingia tulipounganisha logi mbili, kwa sababu hasi mara hasi ilituficha.

Swali 5. log (x^2) = 2

Hapa wengi mnashusha 2 mbele haraka haraka, 2 log x = 2, log x = 1, x = 10, mnafunga daftari. Kumbe mmeacha jibu moja. Kushusha kipeo kunaruhusiwa pale ambapo x ni chanya, na hapa hakuna aliyesema ni chanya, kilicho chanya ni x^2. Fanya hivi:

x^2 = 10^2
Sababu: maana ya logi ya besi 10.

x = 10 au x = -10
Sababu: zote mbili zikijizidisha zinatoa 100, na log 100 ni 2.

Swali la 4 tumetupa hasi, la 5 tumeibakiza. Kanuni haiwezi kukuamulia, rudi kwenye swali ukague.

Swali 6. 5^x = 20

log (5^x) = log 20
Sababu: namba mbili chanya zilizo sawa zina logi sawa. 20 sio kipeo kizima cha 5, njia ya swali la 2 imegoma.

x log 5 = log 20
Sababu: 5 ni chanya, kipeo kinashuka bila wasiwasi.

x = 1.3010 ÷ 0.6990 = 1.86
Sababu: log 5 ni namba tu, nimegawanya pande zote. Msiniandikie log 4! log 20 - log 5 ndo log 4, kugawanya logi ni kitu kingine. Jedwali hilo msilidharau, Mskoti John Napier alichapisha la kwake mwaka 1614 ili watu wazidishe minamba mikubwa kwa kujumlisha, Henry Briggs akaja na hii besi 10 tunayoitumia.

Zenu sasa:

(a) 2^(3x) = 1/64

(b) log (x + 6) - log x = 1

(c) log₂ (x + 1) + log₂ (x - 1) = 3, na useme umetupa nini na kwa nini.

(d) Mtu kaandika log (x + 5) = log x + log 5. Kwa ujumla ni uongo, ila ipo x moja ambayo inakuwa kweli. Itafute.

(e) pH = -log H, ambapo H ni kiasi cha ioni za haidrojeni, moli kwa lita. Tuseme maji ya limau yana pH 2 na maji ya bahari pale Raskazone yana pH 8. H ya limau ni mara ngapi ya H ya bahari? Anayejibu "mara 4" kwa sababu 8 ÷ 2 ni 4, arudie swali la 6.

Daftari mezani kwangu Jumatatu baada ya alasiri, na aliyenakili kwa mwenzake nitamwita ubaoni aeleze sababu za (d) bila kuangalia.