Ua wa Zuhura

Mwalimu Mushi wa usanifu majengo hakuiangalia modeli. Zuhura alikuwa ameikesha, amekata manila mpaka ncha ya kidole gumba ikafa ganzi, amebandika mti wa mwembe uliotengenezwa kwa sponji ya kuoshea vyombo. Mwalimu aliipita, akaenda moja kwa moja kwenye plani iliyobandikwa ukutani, akatoa rula ya skeli mfuko wa shati.

“Soma kazi uliyopewa.”

“Chumba cha kusomea cha mtaa, Ilala. Wasomaji arobaini. Kiwanja mita 12 kwa 24, upande mfupi unatazama barabara, magharibi.”

“Endelea.”

Hotuba aliyokuwa ameikariri ilianza na maneno “Kwa asili, mwanadamu”. Baraka, aliyekuwa amekaangwa kabla yake na sasa yuko nyuma kabisa anakula karanga, alikuwa amemwambia aifute. Hakuifuta. Akaitoa yote, ya mwanadamu, ya asili, ya utulivu, mpaka alipofika pale alipotaka kufika: katikati ya jengo kuna ua wa mita 6 kwa 6, wazi kwa juu, una mwembe, na vyumba vyote vya kusomea vinauzunguka. “Nimeutoa kwenye nyumba ya Kiswahili,” alisema. “Ni utamaduni wetu.”

Jopo lilikuwa na watu watatu. Mwalimu wa miundo alikuwa anaandika kitu ambacho pengine hakikuhusu jengo. Bi Salma, msanifu mwenye ofisi yake mjini, aliyealikwa siku hiyo, alikuwa ameegemea dirisha, amekunja mikono. Mushi akaweka rula ukutani.

“Kiwanja mita 12. Ua mita 6. Umebaki na ngapi?”

“Sita.”

“Kila upande?”

“Tatu.”

“Ondoa kuta mbili za tofali la nchi sita.”

“Mbili na sabini.”

“Watu watapita wapi kwenda nyuma? Umechora varanda ya mita 1.2 kuzunguka ua. Ondoa.”

Zuhura aliliona jibu kabla ya kulitamka. “Moja na nusu.”

“Humo umechora meza yenye viti pande zote mbili. Meza sentimita 75. Aliyekaa anahitaji sitini nyuma ya meza, na hapo hajajinyoosha. Sitini na sitini na sabini na tano?”

Mita 1.95. Darasa zima lilikuwa linajumlisha naye. Alisikia mtu akinong'ona jibu. Mushi akasogeza rula kwenye kiti kimoja, kidoti cha milimita tatu kwa skeli ya 1:100. “Sentimita thelathini. Hivi ni viti vya chekechea. Umepunguza watu ili ua uenee.”

Kicheko kikapita nyuma. Hakikuwa kicheko kibaya sana, kwa kuwa nusu ya waliocheka walikuwa hawajasimama bado, na walishaanza kuvitazama viti vyao wenyewe.

“Mvua,” Mushi alisema. “Paa zako zote zinamwaga ndani?”

“Ndiyo, mwalimu. Ili mwembe upate maji.”

“Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja chako ni mita za mraba 288 na chote kinamwaga humo. Masika, siku moja ikinyesha milimita hamsini, unapokea nini?”

Zuhura akafungua simu, akaona aibu, akaifunga, akapiga hesabu pembeni mwa karatasi. “Elfu kumi na nne na mia nne.”

“Matangi kumi na manne ya lita elfu, na mengine juu. Yanatokaje? Sioni bomba. Sioni mfereji. Yatatokea mlango wa mbele pamoja na wasomaji.” Akageukia darasa. “Sisemi maji yasikusanywe. Nendeni Kariakoo mkaangalie juu. Beda Amuli alichora soko lile, likafunguliwa mwaka 1975, na ile miavuli ya zege mnayopiga picha inakusanya mvua na kuishusha chini. Aliyapa maji njia. Huyu mwenzenu ameyapa mwembe.”

Hapo ndipo kawaida mwanafunzi husema “asante mwalimu” na kuanza kubandua karatasi. Mushi mwenyewe alikuwa ameshaanza kuirudisha rula mfukoni. Ila akaongeza, kama mtu anayefunga mlango akipita: “Na hili neno utamaduni. Ua wa nyumba ya Kiswahili una kazi. Wanapika, wanafua, wanaanika, choo kiko huko, kisima kiko huko. Kwenye jengo lako nani anapika? Ua usio na kazi ni shimo kwenye paa. Uondoe, upate chumba kimoja kizuri, uweke madirisha. Nani anafuata?”

“Sitauondoa,” Zuhura alisema.

Alisema taratibu, na ikabidi Mushi amwombe arudie. Akarudia.

“Kwa nini?”

Utamaduni ulishachukuliwa. Asili ya mwanadamu pia. Alibaki na kitu ambacho hakukiandika popote, kwa sababu hakukiona kuwa ni usanifu.

“Siku tulipokwenda kupima kiwanja,” alisema, “wenzangu walikuwa na tepu. Mimi nilikaa nyumba ya jirani, mama mmoja alinikaribisha nisikae juani. Barazani mbele kulikuwa na wazee wanacheza bao, na vijana wa bodaboda, na muuza kahawa. Hakuna msichana hata mmoja. Nikapitishwa uani. Kule kulikuwa na wasichana watatu kwenye mkeka wanafanya hesabu za shule, mama yao anakanda unga wa maandazi pembeni. Kazi ya ua ule saa ile ilikuwa hiyo, kusoma.”

Mwalimu wa miundo aliacha kuandika.

“Kwetu Tanga, Ngamiani, mimi nilisomea uani mpaka kidato cha nne. Barazani sikuwahi kukaa na daftari hata siku moja. Hakuna aliyenikataza. Hukai tu. Ukiweka chumba kimoja chenye madirisha barabarani, kama unavyosema mwalimu, watakaa wavulana. Wasichana watapita, watachungulia, wataenda nyumbani.”

Mushi alirudi kwenye plani. Akaisoma upya, kutoka barabarani kwenda nyuma, kidole kikifuata mstari. Ilichukua muda, na Zuhura akadhani amemuudhi.

“Haya uliyoyasema yako wapi hapa?”

“Kwenye ua.”

“Hayapo. Ua wako unaingiliwa na kila mtu, mlango wake unatazama barabara, umezungukwa na meza za wote. Umechora baraza nyingine, ila imetobolewa paa. Binti, una sababu nzuri na mchoro unaoikana.”

Bi Salma akajitoa dirishani. Ndiyo kwanza afungue mdomo tangu asubuhi, na alipofungua hakumtazama Mushi.

“Mdogo wangu, wale wasichana watatu, kutoka dukani wanarudije uani? Wanapita mbele ya wale wazee?”

Zuhura akafikiri. “Hapana. Kuna uchochoro ubavuni. Mlango mdogo.”

“Wewe Ngamiani?”

“Uchochoroni pia. Mlango wa mbele ni wa wageni.”

“Basi wewe umeleta ua, ukasahau uchochoro. Msichana wako anaingia mlango mmoja tu, katikati ya bao na bodaboda. Hata ua ukiwa wa dhahabu, hatafika.”

“Uchochoro utakula mita nyingine,” Mushi alisema. “Kutoka kwenye mita ambazo tayari hana.”

“Atazipata. Kwani nani kasema ua ukae katikati? Hizo nyumba anazozisema, ua uko nyuma.”

Wakaanza kubishana wao kwa wao. Mushi anashikilia kwamba jengo la umma halipaswi kuwa na mlango wa mbele na mlango wa wanawake, kwamba hiyo ni kuupigia zege utengano; Bi Salma anasema mlango wa pili si wa wanawake, ni wa yeyote asiyetaka kusalimia wazee kumi kabla hajafungua kitabu, na kwamba yeye mwenyewe angeutumia. Zuhura alisimama kati yao ameshika pini za kubandikia. Hakuna aliyemuuliza kitu kwa dakika kadhaa. Kwa upande wangu naona hapo ndipo mradi wake ulipoanza, maana ndipo alipogeuza karatasi ya hesabu za mvua na kuchora nyuma yake mstatili mmoja, korido katikati, na mstari mwembamba ubavuni.

“Jumatano,” Mushi alisema hatimaye. “Mezani kwako. Usije na modeli.”

Nje, Baraka alimpa karanga zilizobaki. “Zuu, umemjibu Mushi. Utafeli kwa heshima.”

“Kiti ni sentimita ngapi?”

“Nini?”

“Kiti. Cha kawaida. Upana.”

Wakapima viti vya kantini kwa rula, mpaka muuzaji akawauliza kama wanataka kununua viti au chai.

Mwembe wa sponji alimpa mdogo wa Baraka. Alichora upya tangu barabarani. Uchochoro mita 1.2 upande wa kusini, ukabaki upana wa 10.8. Korido ya mita moja na nusu inayonyooka kutoka mlango wa mbele mpaka nyuma, kama ilivyo kwenye nyumba aliyozaliwa, na kila upande chumba chenye upana wa mita nne na ushee, meza ikae, viti vya watu wazima pande zote mbili, na mtu apite nyuma yao bila kuomba radhi. Jengo lina urefu wa mita 16. Mita 8 za nyuma, kwa upana wote wa kiwanja, ni ua: mkeka, kivuli cha paa lililorefushwa, benchi refu la saruji ukutani, bomba la maji. Mlango wa uchochoro unafungukia humo. Mbele, ndani ya hizo mita 16, akaacha baraza, ya wazee, ya bao. Paa akalivunja katika miteremko miwili, nusu ya maji kwenda tangi la nyuma, nusu kwenye mfereji wa barabara.

Jumatano Mushi alikuja na chai yake. Akavuta kiti, akaweka rula juu ya viti kwanza. Sentimita arobaini na tano. Hakusema neno. Akapima korido, akapima uchochoro, akahesabu meza, akafika arobaini na akahesabu tena.

“Milango miwili,” alisema. “Mlinzi ni mmoja, halmashauri haitaajiri wawili. Vitabu vitatoka uchochoroni usiku wa ku—”

“Mkutubi anakaa hapa.” Zuhura aliweka ncha ya penseli mwisho wa korido, pale inapokutana na ua. “Akitazama kulia anaona mlango wa mbele mpaka barabarani, mita 16 zimenyooka. Akigeuka anaona mlango wa uchochoro. Kwa bibi yangu kigoda chake kilikuwa hapo hapo. Hakuna aliyeingia bila yeye kujua.”

“Bibi yako alikaa ameligeuzia mgongo jua la jioni?”

“Jua la jioni linaingia kwa mlango wa mbele, mwalimu, mpaka kwenye uso wa mkutubi. Nilitaka kuweka ukuta wa matundu hapa, barazani. Ila sijui unene.”

Mushi akanywa chai. Akachukua penseli yake mwenyewe.

“Huwezi kujua kwenye plani. Chora mkato, hapa, katikati ya korido. Weka jua la saa kumi na moja. Nitapita tena saa nane.”