YAH: VIFUNIKO VYA CHUPA VYENYE KASORO, MZIGO WA TAREHE 3 JUNI 2025

Morogoro, 23 Juni 2025

Ndugu Meneja wa Ubora,

Habari za kazi. Wiki iliyopita duka moja la Kilosa lilirudisha katoni mbili za juisi ya embe ya nusu lita, chupa zimevimba. Juisi yetu hujazwa ya moto, na ikipoa chupa hujivuta ndani kidogo. Ikivimba maana yake hewa imepenya na juisi imechacha.

Tumefuatilia hadi juisi tuliyoizalisha tarehe 9 Juni, iliyofungwa kwa vifuniko vyenu. Kati ya chupa zilizorudishwa na sampuli tulizohifadhi, 54 zinavuja. Vifuniko 51 vina namba 17 ya tundu la moldi kwa ndani, na ukingo unaoziba mdomo wa chupa umemeguka kipande, kama ulioparuliwa na ukucha. Vitatu vilivyobaki ni namba 18. Hivyo vitatu ndivyo vinavyonitia wasiwasi, maana huenda shida haiko kwenye tundu moja tu.

Naomba kwanza, kabla ya kesho saa kumi jioni, namba za bechi za maboksi yote 42 ya mzigo ule. Maboksi 11 yamekuja na lebo mbili zilizobandikwa moja juu ya nyingine, zenye namba tofauti. Ipi ni ya kweli? Nimeambatisha picha. Bila jibu hilo siwezi kujua nirudishe nini kutoka sokoni na nini niachie.

Kufikia Ijumaa tarehe 27, nitumieni kumbukumbu za uzalishaji wa bechi hizo: karatasi za ukaguzi za kila zamu pamoja na vifuniko vilivyokataliwa, joto na shinikizo la mashine, bechi ya malighafi na kama ilichanganywa na plastiki iliyosagwa upya, na daftari la matengenezo ya moldi. Nakala za karatasi zilizoandikwa kwa mkono zinatosha, msizichape upya.

Maelezo ya chanzo cha tatizo nayasubiri ifikapo tarehe 7 Julai. Mwezi Machi mlitujibu kwamba "opereta ameonywa". Safari hii jibu hilo halitapokelewa. Nataka kujua tundu la 17 lilianza kuharibika lini, kwa nini ukaguzi wenu haukuliona, na mmebadilisha nini.

Kwa upande wetu, nimeambatisha vipimo vya ukazaji wa vifuniko vya siku ile. Cha saa nane mchana hakipo, kijana wa zamu alisahau kujaza. Ila chupa zinazovuja ni za tangu asubuhi.

Maboksi 19 ambayo hayajatumika tumeyatenga stoo. Njooni myaone kabla hatujayarudisha. Malipo ya ankara ya mzigo huu yamesimama kwa sasa.

Wako katika kazi,
Msimamizi wa Ubora

Nakala: Ununuzi, Uhasibu