Wiki mbili za kurudisha usingizi wako

Mdogo wangu, nimeiandika kama ratiba ya dawa kwa sababu nakujua: nikikwambia kwa mdomo utasema "sawa dada" na jioni uko barazani na kikombe.

Umenipa hesabu yako ya wiki jana. Siku mbili ulilala saa nne usiku, siku moja saa nane usiku kwa ajili ya makaratasi ya meli, na Jumapili ukaamka saa tano asubuhi. Kahawa tungu vikombe vitano kwa siku, vitatu baada ya Isha. Kafeini huchukua kama saa tano hivi mwilini kupungua nusu, kwa wengine zaidi. Ulichokunywa saa tatu usiku, nusu yake bado inafanya kazi saa nane. Hulali kwa sababu umekunywa, kisha unakunywa kwa sababu hukulala.

Tunaanza Jumapili.

Siku ya 1 hadi ya 3. Saa ya kulala iache kwanza. Shika saa ya kuamka: saa kumi na moja na robo kila siku. Adhana ya alfajiri inakuamsha tayari, kinachokuharibu ni kusali kisha kurudi kitandani hadi saa moja. Ukisali, usirudi. Kwenye feri usijibanze ndani, simama mahali jua linakupiga usoni. Mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza, na usiku usingizi unafuata hesabu hiyo.

Kitandani panda saa tano na robo, hata kama una usingizi saa tatu. Ndiyo, ni saa sita tu za kulala, na utachoka. Uchovu huo tunautaka, ndio utakaokuangusha upesi. Ila wiki hii usiendeshe pikipiki ya rafiki yako.

Kahawa: kikombe cha mwisho saa kumi na moja jioni. Idadi usiiguse bado.

Siku ya 4 hadi ya 7. Kikombe cha mwisho saa tisa alasiri, na vikombe vitatu kwa siku. Kichwa kitauma siku moja mbili, ni mwili unadai kafeini yake. Kunywa maji. Ukinunua dawa ya maumivu soma pakiti, baadhi zina kafeini ndani, na utakuwa umerudi dirishani baada ya kufukuzwa mlangoni. Soda ya kola, chai ya rangi na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu vyote vimo kwenye hesabu. Muguka pia, si kafeini lakini nao unakesha. Sisemi unatafuna, nasema tu.

Baraza sikukatazi. Nenda, kaa, cheka, kula kashata. Mwambie muuza kahawa akupe maji ya tangawizi kwenye kikombe kilekile, na watakaokucheka watachoka.

Siku ya 8 hadi ya 12. Kahawa mwisho adhuhuri, vikombe viwili. Sasa sogeza kitanda: saa tano kasorobo siku ya 8, na kuanzia siku ya 10 saa nne na robo. Hapo ni saa saba kamili. Ukiona unakaa macho muda mrefu baada ya kulala chini, chelewesha kitanda kwa robo saa.

Joto la Mombasa lina lake. Mwili hushuka joto kidogo ndipo usingizi uje, basi oga kabla ya kulala, feni ielekee neti, dirisha wazi. Simu ilale sebuleni. Najua meseji za klaring huja usiku, lakini kontena haliondoki bandarini saa sita usiku kwa sababu wewe umejibu "noted".

Ukikaa kama dakika ishirini bila usingizi, toka kitandani. Keti gizani au kwa taa ndogo, rudi ukisinzia. Usitazame saa.

Siku ya 13 ni Ijumaa ya harusi ya binamu. Kaa hadi mwisho, kula pilau, kahawa ya harusi ipite. Jumamosi amka saa kumi na mbili na robo, si zaidi, kisha lala dakika ishirini kabla ya saa tisa.

Kila asubuhi andika kwenye daftari mambo matatu: ulipanda kitandani lini, uliamka lini, kahawa ya mwisho saa ngapi. Shemeji akisema unakoroma na pumzi inakatika, mambo ya ratiba yaache, nenda hospitali ukaangaliwe.

Jumapili baada ya harusi njoo na daftari. Nitalikagua kabla ya chakula.